Sisi Ndio Tuliochora

Kwenye ile kampuni ya matangazo hakuna aliyewahi kumwita kwa jina lake. Walimwita Jikoni. Mteja akitaka boksi la sabuni libadilishwe rangi, msimamizi wa wateja alimjibu kwa upole, "Tutaipeleka jikoni," na mteja akarudi zake akiamini kwamba huko nyuma kuna ukumbi mzima wa wachoraji, kompyuta zimepangwa mistari na watu wanabishana kuhusu unene wa herufi. Jikoni yenyewe ilikuwa mwanamke mmoja wa miaka thelathini na minane, meza moja, dirisha linalotazama kamba za nguo za jirani, na mama yake chumba cha pili akiuliza kama kuna anayetaka chai.

Hakuwa mwajiriwa wao. Alikuwa mtu wa nje, anayechora maboksi na vifungashio kwake nyumbani, kisha kampuni inavipeleka kwa mteja kana kwamba vimechorwa pale pale ofisini kwao. Msidhani ni wizi. Ni mpango wa kawaida kabisa, na una karatasi zake. Mkataba aliosaini miaka sita nyuma ulisema hivi katika kifungu cha saba: akizungumza na mteja, azungumze kwa jina la kampuni, asipokee kazi moja kwa moja kutoka kwa mteja wao, mkataba ukiwa hai na miezi kumi na miwili baada ya kufa kwake, na asimwonyeshe mtu kazi hizo kama zake bila ruhusa ya maandishi. Alisaini siku ambayo kodi ya nyumba ilikuwa imepita wiki mbili, na mtu wa namna hiyo hasomi kifungu cha saba, anaruka moja kwa moja mpaka kwenye bei.

Walimpa anwani ya barua pepe yenye jina la kampuni, na chini ya kila barua akaandika walivyomwelekeza: "Timu ya Ubunifu." Basi akawa timu. Hakusema tena "nimeona" wala "nimebadilisha". Ilikuwa "tumeona", "tumebadilisha", "tunaomba radhi kwa usumbufu". Ulimi ukazoea. Siku moja mama yake alimwuliza kama amekula, akajibu, "Tumekula," na mama akachungulia nyuma ya mlango amwone huyo mwingine.

Mama huyo ndiye aliyekuwa tatizo kubwa zaidi la usiri. Alikuwa akisimama dukani, anashika boksi la sabuni, anamwambia mwenye duka, "Hili kachora mwanangu." Mwenye duka alimjibu siku moja bila hata kuinua macho, "Sawa bibi, na hii friji kaiunda mwanangu." Mama alirudi nyumbani amenuna, akalitupa boksi mezani.

"Niandikie jina lako hapa," alisema. "Hata dogo. Hata chini kwenye kona."

"Mama, si boksi langu."

"Nani kalichora?"

"Mimi. Lakini si langu."

"Haya," mama alisema, akaenda kuosha vyombo kwa kishindo, na kila sufuria ililipia.

Jikoni mwenyewe, ukimwuliza, angekuambia halimuumi. Na kwa miaka mitano ulikuwa ukweli. Kampuni ilimtafutia wateja, ikakimbizana nao kuhusu malipo, ikakaa nao kwenye vikao vya saa tatu, na yeye akalipwa kila mwisho wa mwezi hata pale mteja alipokuwa bado anazungushazungusha. Hilo si dogo. Alijua wachoraji wenye majina makubwa waliokuwa wakilala kwenye vibaraza vya wateja wakidai chao. Lilikuja kumuuma mwaka huu, na lilimuuma kwa sababu maalumu, ambayo ndiyo hadithi yenyewe.

Kulikuwa na kampuni ya kusaga unga iliyotangaza kwamba inatafuta mchoraji wa vifungashio wa mkataba wa miaka mitatu. Siku mbili kwa wiki, malipo ya kueleweka, jina la mchoraji kwenye kila faili. Haikuwa mteja wa kampuni ya matangazo, kwa hiyo hakuna kifungu kilichovunjwa. Walitaka kitu kimoja tu kilichomkosesha usingizi: kazi tatu zilizochapwa kwa ajili ya soko, pamoja na barua ya mwenye bidhaa inayothibitisha kwamba mwombaji ndiye aliyezichora. Mwisho Ijumaa saa sita mchana.

Kazi tatu alikuwa nazo. Alikuwa nazo thelathini. Katika hizo, tatu nzuri kuliko zote zilikuwa za mteja mmoja, mwanamke mwenye kiwanda cha sabuni ambaye ofisini walimwita Mama Sabuni: boksi la sabuni ya kufulia, la sabuni ya kuogea, na jipya la sabuni ya majani ambalo lilikuwa linaingia mtamboni wiki hiyo hiyo. Barua hakuwa nayo hata moja, wala hakuwa na haki ya kwenda kuiomba.

Jumatatu akaenda kwa mkurugenzi. Mkurugenzi walimwita Tai. Wafanyakazi walimpa jina hilo kwa sababu ya tai aliyoifunga shingoni hata Jumamosi. Yeye mwenyewe aliamini ni kwa sababu ya ndege, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumsahihisha. Alimsikiliza Jikoni vizuri. Alikuwa mtu mzuri wa kusikiliza, na ndivyo alivyokuwa anapata wateja.

"Dada, unaniweka pabaya," alisema. "Mama Sabuni alituchagua kwa neno moja. Nilimwambia kila kitu kinafanyika chini ya paa hili. Sasa nimwandikie kwamba kumbe kuna paa jingine?"

"Kwani kazi ilikuwa mbaya?"

"Ingekuwa mbaya ningekuambia."

"Basi."

"Tutaliangalia," alisema Tai. Jikoni alikuwa ameandika neno hilo kwenye barua za wateja mara mia, na alijua linavyotafsiriwa.

Jumatano boksi la sabuni ya majani liliingia mtamboni. Kwenda kiwanda cha uchapaji kukagua karatasi za kwanza ilikuwa kazi ya msimamizi wa wateja, ila msimamizi alisema harufu ya wino inampa kipandauso, na tangu mwaka wa kwanza Jikoni ndiye aliyekwenda. Bure. Hakuna aliyesema itakuwa bure. Ilianza kama msaada wa siku moja, na msaada huo haukuwahi kuisha.

Chumba cha mtambo kilikuwa kirefu, sakafu ya saruji yenye madoa, na mtambo unanguruma mpaka ukisimama karibu unasikia magotini. Fundi mkuu alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na alimpenda Jikoni kwa sababu haulizi maswali ya kijinga.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, binti yangu. Leo una mgeni. Mwenye mali kaja mwenyewe."

Kweli, Mama Sabuni alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki kando ya meza ya ukaguzi, mkoba mapajani, anatazama maboksi yake yakitoka kama mtu anayetazama wajukuu. Hawakuwahi kuonana. Walikuwa wameandikiana barua zaidi ya mia mbili, lakini upande mmoja ulikuwa na jina, na wa pili ulikuwa Timu ya Ubunifu.

"Wewe ni wa kule ofisini?" aliuliza Mama Sabuni.

"Ndiyo, mama. Tumekuja kuangalia rangi."

"Mmekuja wangapi?"

Jikoni alijikuta peke yake kwenye sakafu ile. "Nimekuja," alisema.

Fundi akampa karatasi ya kwanza. Jikoni aliilaza chini ya taa, akaweka lenzi yake juu yake, akaangalia vitone vya wino. Rangi ya majani ilikaa vizuri. Nyekundu ya jina ilikuwa mbichi, ya kupendeza. Kisha akafika ubavuni mwa boksi, kwenye ile mistari inayosomwa na mashine dukani, akaisogeza lenzi tena. Yeye aliichora nyeusi juu ya nyeupe. Hapa ilikuwa nyekundu.

Alielewa mara moja nini kimetokea. Wiki iliyopita, kama msimamizi alivyomsimulia, Mama Sabuni alilalamika kwenye kikao kwamba mistari ile myeusi inaharibu boksi, inakaa kama nzi kwenye maziwa. Msimamizi wa wateja, ili kumfurahisha, akafungua faili mwenyewe, akaipaka nyekundu inayofanana na jina, akapeleka kiwandani bila kupitia jikoni. Hakujua. Mashine nyingi za dukani husoma kwa mwanga mwekundu, na mwanga mwekundu hauoni wino mwekundu. Kwa mashine, mistari ile ilikuwa karatasi tupu. Na mtambo ulikuwa umepangiwa maboksi elfu arobaini.

Alitoka nje, akampigia msimamizi. Simu ikaita mpaka ikakatika. Akampigia tena. Akampigia Tai, simu yake ilikuwa imezimwa, maana Tai akiingia kikaoni huzima simu na kusifiwa kwa hilo. Akaandika ujumbe kwa wote wawili: mistari ni nyekundu, haitasomeka, naomba ruhusa ya kusimamisha. Akasimama uani dakika tano nzima akiangalia skrini. Ndani mtambo ulikuwa ukipashwa moto kabla ya kuanza mwendo mkubwa.

Sasa fikiria nafasi yake. Kanuni ya kazi yake ilikuwa moja: mbele ya mteja usiseme la kwako, mwachie wakala aseme. Akinyamaza, amefuata mkataba sawasawa, na maboksi elfu arobaini yatakuwa kuni. Akisema, atakuwa amemwonyesha mteja kosa la kampuni inayomlisha, siku mbili baada ya kuiomba fadhila. Aliogopa, na hakuna haja ya kuipamba hofu ile: aliogopa kuikosa barua yake.

Akarudi ndani. "Fundi, simamisha kidogo."

Fundi hakuuliza. Akabonyeza kitufe, na ule ukimya uliofuata ukamfanya Mama Sabuni ainuke kitini.

"Kuna nini?"

"Kuna kitu tunataka kukuonyesha, mama. Fundi, ile mashine ya kuhesabia mzigo ghalani inaweza kuja hapa?"

Ililetwa, na waya wake. Jikoni aliielekeza kwenye pakiti ya biskuti ya fundi. Ikalia. Akaielekeza kwenye boksi la sabuni ya majani. Kimya. Akajaribu karibu, akajaribu mbali, akamkabidhi Mama Sabuni mwenyewe ajaribu. Mama Sabuni alijaribu mara sita, kisha akajaribu biskuti tena, ikalia kwa furaha.

"Kwa hiyo dukani kwenye kaunta..."

"Haitasomeka, mama. Maduka makubwa yangeurudisha mzigo wote. Tunaomba saa mbili tu. Pleti mbili, zile bati za kuchapia, zitengenezwe upya, ya nyekundu bila mistari, na ya nyeusi yenye mistari. Faili sahihi ninalo hapa. Ukikubali, utasaini karatasi mpya ya kwanza, na gharama ya pleti haitakuwa yako."

Hapo alikuwa amevuka mpaka wake, alijua. Kuahidi gharama si kazi ya jikoni.

Mama Sabuni aliweka ile mashine chini polepole. "Nani kapaka nyekundu?"

Kulikuwa na majibu matatu, na yote yalikuwa kweli. Angeweza kusema: msimamizi. Angeweza kusema: wewe mwenyewe, mama, na nzi wako. Angeweza kusema: si mimi.

"Sisi," alisema Jikoni. "Ni kosa letu. Tunaomba radhi."

Fundi aliyejua faili la kwanza lilivyokuwa alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na doa.

Pleti zilichukua saa mbili na robo. Mama Sabuni hakuondoka. Alizunguka meza, akashika maboksi yake ya zamani yaliyowekwa pale kama sampuli, akayalinganisha. Kisha akaja kukaa karibu na Jikoni, akapunguza sauti kama watu wanavyofanya wanapotaka kununua kitu nje ya risiti.

"Niambie mwanangu. Ni wewe unayechora haya?"

Swali hilo alilisubiri miaka sita, na lilipofika lilimkuta amefungwa mdomo. Akifungua, amevunja kifungu mbele ya mteja mwenyewe, na kesho Tai ana haki ya kumfukuza.

"Hapana, mama. Kuna timu. Mimi nimetumwa kuangalia rangi."

"Kwa sababu nataka kusema ukweli," aliendelea Mama Sabuni. "Wale wa kwenye vikao wanazungumza vizuri, lakini anayechora ni mtu mwingine. Mtu anaonekana kazini mwake. Huyu anajua mwanamke mwenye povu mikononi anashikaje boksi. Angalia, kila boksi lina sehemu ya kidole. Nimewauliza mara mbili ni nani, wananiambia 'jikoni'." Akafungua mkoba, akatoa kadi. "Mpelekee hii. Mwambie anipigie mwenyewe. Nina sabuni ya watoto inakuja, na nikizungumza naye moja kwa moja, yeye atapata zaidi na mimi nitalipa kidogo. Usiwaambie wenzako."

Jikoni aliipokea kadi kwa mikono miwili. Ndiyo hivyo: alitumwa kwa siri kujipelekea kadi mwenyewe.

Jioni aliiweka mezani nyumbani, akamsimulia mama yake. Mama alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akaacha ghafla.

"Sasa mpigie."

"Mkataba, mama."

"Mkataba umekupa nini?"

"Umenipa kazi miaka sita."

"Na huyu anakupa jina."

"Hanipi jina. Ananipa kazi kwa siri, kwa mlango wa nyuma. Leo nimwibie Tai mteja, kesho wale wa unga wakiuliza habari zangu, Tai atawaambia nini? Atawaambia mwizi. Na atakuwa amesema kweli." Aliisogeza kadi kando. "Sijali sana Tai kupata zaidi yangu. Ana kazi zake anazofanya. Ninajali kwamba hakuna mtu mwingine anayejua nipo."

 Mama akachukua kadi akaisoma pande zote mbili, akairudisha palepale.

Usiku ule ule, kabla hajalala, Jikoni alimwandikia Tai barua. Alieleza mistari nyekundu, pleti mbili, gharama aliyoiahidi. Akaeleza kadi na alichoambiwa, neno kwa neno, bila kujisifu. Akaomba kikao kesho asubuhi.

Alhamisi Tai alikuwa na karatasi zake mezani na uso wa mtu aliyelala vibaya. Hakuwa mjinga. Alijua elfu arobaini maana yake nini, na alijua habari ya kadi ile ingeweza isimfikie.

"Asante," alisema. "Ungempigia, nisingejua mpaka siku ananiaga."

"Ndiyo maana nimekuja kabla hujasikia kwa mtu. Lakini sikuja kwa asante tu, mkurugenzi. Nimekuja na mambo matatu, nimeyaandika." Akasukuma ukurasa mmoja. "Bei ya boksi ni ile ya miaka minne iliyopita. Naomba mpya, iliyoandikwa hapo. Humo ndani kuna marekebisho mara mbili. Ya tatu yana bei yake. Kwenda kiwandani ni nusu siku, ina malipo yake, na kazi ya haraka hivyo hivyo. Pili, faili likishatoka kwangu halibadilishwi bila mimi kuliona, hata nukta. Mteja abaki wako, vikao vibaki vyako. Akinitafuta nitamrudisha kwako, kama nilivyofanya. Sitaki faida yako."

"Na la tatu?"

"Barua. Kesho saa sita mchana ndio mwisho."

Tai alisoma ukurasa wote. Kwenye bei alichukua kalamu, akaishusha kidogo, Jikoni akaipandisha nusu, wakakubaliana katikati kama watu wazima. Jambo la pili alilipigia alama bila neno. Kwa la tatu aliiweka kalamu chini.

"Nitamwandikia leo," alisema mwisho. "Nitamwomba tu athibitishe kwamba wewe ulishiriki kwenye timu yetu."

"Kushiriki si kuchora."

"Tuanze na hapo, dada."

Barua ikaenda. Jibu la Mama Sabuni lilifika Ijumaa saa tatu asubuhi, na Tai alimwita Jikoni aje alisome mwenyewe, maana hakujua amwambieje kwa simu. Lilikuwa fupi. Lilisema anamkumbuka huyo dada vizuri, ni mwangalifu na amemwokolea mzigo. Lakini alimwuliza ana kwa ana kama ndiye anayechora, naye akajibu hapana, ametumwa kuangalia rangi tu. Yeye hawezi kumpa mtu sifa ambayo mwenyewe ameikana, na anashangaa kampuni kumwomba amnyang'anye mchoraji halisi haki yake.

Jikoni alisoma mara mbili. Alihisi aibu kwanza, kama amekamatwa akidanganya, na kweli alikuwa amedanganya. Kisha ikaja hasira, na hasira haikuwa na mtu wa kumwangukia, maana Mama Sabuni alikuwa anamtetea. Alikuwa anamtetea yeye, dhidi yake mwenyewe.

Saa ya ukutani ilikuwa tatu na dakika ishirini.

"Ningesema ndiyo ungenifukuza," alimwambia Tai. Sauti haikupanda.

"Ningekufukuza," Tai alikubali.

"Kwa hiyo nimepoteza kwa kukutii."

Tai alitazama simu yake iliyolala mezani kifudifudi. Mkataba wa sabuni ya watoto ulikuwa pembeni, kurasa tisa, bado haujasainiwa, na kwenye ukurasa wa kwanza kulikuwa na yale maneno yake, chini ya paa moja. Mtu angeweza kumwelewa kama angesema "tutaliangalia". Jikoni alikwisha kuanza kukusanya mkoba wake.

"Kaa," alisema Tai.

Akageuza simu, akapiga, akaweka sauti isikike chumba kizima. Walisalimiana. Akamwuliza habari za maboksi, Mama Sabuni akasema yamefika, yanasomeka. Kisha Tai akalegeza fundo la tai yake, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya kabla ya saa kumi na moja jioni.

"Mama, nina la kukuambia, na hutalipenda. Hatuna wachoraji humu ndani. Hatujawahi kuwa nao. Maboksi yako yote matatu yamechorwa na mtu mmoja, kwake nyumbani." Na akamtaja Jikoni kwa jina lake, la kwake, la baba yake na la babu yake, akiyasoma taratibu kutoka kwenye karatasi ya malipo iliyofifia wino, maana hakuwa na uhakika na la mwisho.



"Huyo si yule aliyekuja kiwandani?" Mama Sabuni aliuliza.

"Ndiye."

"Lakini nilimwuliza. Nilimwuliza macho kwa macho, akaniambia si yeye. Na lile kosa la rangi akalibeba yeye." Sauti ilibadilika. "Mlimfundisha hivyo?"

Jikoni alikuwa anamtazama Tai, na Tai alikuwa anaitazama simu. Angeweza kusema ni utaratibu wa kazi. Angeweza kusema kila kampuni inafanya hivyo, na ingekuwa kweli.

"Ndiyo, mama," alisema. "Tulimfundisha sisi. Na tulimlipa kidogo."

"Mkataba wangu wa sabuni ya watoto usinitumie leo," alisema Mama Sabuni. "Nitaufikiria. Hiyo barua ya dada iandike upya sasa hivi, uandike 'amechora', na jina lake liwe juu, si chini. Namtuma dereva na muhuri."

Simu ikakatika. Tai alivuta kibodi karibu, akaandika mistari miwili, akasita kwenye wa tatu, akageuza skrini kuelekea upande wa pili wa meza.

"Hili la babu yako," aliuliza, "linaandikwaje?"

Jikoni alifungua mdomo amtajie herufi, na akashindwa kwa muda, kwa sababu alikuwa analia.